Shangazi, nataka kuacha kulipa hela ya ulinzi na usafi, meneja anasema nikiacha nihame

Shangazi shikamoo. Mimi ni nesi, napanga hapa Mbeya, Forest Mpya, kiwanja kimoja kina nyumba sita ndogondogo na geti moja. Kodi ni laki mbili kwa mwezi, nalipa miezi sita sita, mkataba ni wa mwaka unaisha 31 Desemba. Mbali na kodi kila tarehe 5 namtumia meneja kwa simu 30,000, yaani 18,000 ya mlinzi na 12,000 ya usafi. Kwenye mkataba kimeandikwa kimstari kimoja tu, "Mpangaji atachangia huduma ya ulinzi na usafi Tsh 30,000 kila mwezi", hakuna neno lolote la namna ya kuacha.

Sasa shangazi tangu Pasaka yule mama wa usafi haji kabisa. Mtaro umeziba, uwanja tunafagia wenyewe, takataka za pale nje ya geti mpaka mbwa wazitawanye. Mlinzi yupo, ni babu mmoja mstaarabu, ila mara nyingi unamkuta kalala kibandani, na mwezi wa tatu mtungi wangu wa gesi uliibiwa barazani, meneja akasema kosa langu ningeuingiza ndani. Babu mwenyewe aliniambia analipwa 70,000 na anadai miezi miwili. Nikapiga hesabu, nyumba sita mara 18,000 ni 108,000, iliyobaki inaenda wapi? Nyumba mbili za nyuma hazina watu tangu mwaka jana lakini hata hivyo.

Nimemwambia meneja kwa mdomo akasema hiyo hela ni sehemu ya kodi, ukiacha kulipa hama. Mwenye nyumba yuko Dar, namba yake ninayo ila sijawahi kuongea nae. Nimeshaandika meseji kwamba kuanzia mwezi wa saba silipi chochote, iko kwenye simu sijaituma. Nikifikiria babu kufukuzwa kwa ajili yangu nakosa raha. Niitume au nisiitume, na kama ni barua inaandikwaje?

Mdada wa Forest

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mtungi, hilo ni pigo kwa mtu anayeishi kwa mshahara.

Hiyo meseji naomba ikae kwanza hapohapo ilipo. Imebeba mambo mawili yasiyofanana, ulinzi na usafi, na ukiyatuma kwa pamoja meneja atashika lile ambalo yeye ana nguvu nalo akujibu hilo tu, lile ambalo wewe ndo una haki nalo zaidi litazama.

Nianze na hesabu yako maana naona ndo imekupa hasira. Umezidisha kwa nyumba sita, lakini umeniambia mwenyewe mbili hazina watu. Nyumba tupu hailipi hela ya mlinzi, labda kama mwenye nyumba anaifidia mfukoni mwake, na hilo hatulijui. Kwahiyo chukua nyumba nne mara 18,000 unapata 72,000. Babu analipwa 70,000. Inabaki elfu mbili, hata umeme wa ile taa ya getini sidhani kama unatosha. Yaani kwa upande wa ulinzi, kwa hesabu hii, kuna uwezekano mkubwa hakuna mtu anayekula chochote, na ule mshahara wa babu uliolala miezi miwili unaweza kuwa umelala kwa sababu jirani mmoja au wawili hawajalipa. Simtetei meneja, nasema kabla hujamwandikia mtu ukimhisi kula hela muulize kwanza ni nyumba ngapi zinachangia na nani kalipa mpaka mwezi gani.

Upande wa usafi sasa, hapo ndo nakaa na wewe. Nyumba nne mara 12,000 ni 48,000 kila mwezi, na hakuna anayefagia, hakuna anayezibua mtaro, hakuna anayetoa taka. Hiyo hela mnailipa na kazi haipo. Swali lako la "inaenda wapi" lihamishie hapa, ndo mahali pake. Inawezekana meneja anaichota kufidia upungufu wa ulinzi, inawezekana yule mama aliacha kwa kutolipwa na yeye akanyamaza, inawezekana vingine usivyovipenda. Vyovyote iwavyo ni swali la haki na unaweza kuliuliza bila kugombana.

Sasa tuje kwenye kile kimstari cha mkataba. Meneja anasema ni sehemu ya kodi, wewe unaona ni kitu cha pembeni unachoweza kuacha ukitaka. Kila mmoja ana kipande cha ukweli hapo. Kodi yako inalipwa miezi sita sita na hii inalipwa kila mwezi, kiwango chake kimetajwa peke yake, kinaitwa mchango wa huduma. Hivyo si kodi. Angalia na risiti zako, kama za kodi zimeandikwa kodi tu na hii inatumwa kwenye namba yake ya simu, hoja yake ya kwamba ni kitu kimoja inazidi kulegea. Lakini, na hili naomba ulisome taratibu, imo ndani ya mkataba wa mwaka uliousaini. Kitu kilichomo ndani ya mkataba wenye mwisho wake huwezi kukitoa peke yako katikati kwa kuandika tu kwamba nimeacha, labda upande wa pili ukubali au uwe umeshindwa kutimiza wa kwake. Na mstari huo una pande mbili: wewe unachangia, wao wanaleta huduma. Usafi hawajaleta. Ulinzi wanaleta, hata kama unaletwa huku umesinzia.

Ndo maana kwenye usafi una pa kusimama na kwenye ulinzi ardhi inateleza. Babu akisinzia hilo ni lalamiko la huduma mbovu, unaweza kudai aamshwe, abadilishwe, apewe tochi na filimbi, lakini ni vigumu kusema huduma haipo wakati kila usiku yupo getini. Na mtungi, kuwa na mlinzi peke yake hakumfanyi meneja alipe kila kinachoibiwa, mpaka mkataba useme hivyo au uonyeshe uzembe wa wazi. Kama uliripoti polisi au kwa mwenyekiti wa mtaa siku zile, karatasi hiyo itunze. Kama hukuripoti, sioni kama itakufikisha mbali.

Kuna kitu kingine kwenye ulinzi nataka ukiwaze vizuri. Wewe ni nesi, una zamu ya jioni na zamu ya usiku, bajaji inakushusha pale getini saa nne, saa nyingine ukungu wa Mbeya huoni hata nyumba ya jirani. Anayekufungulia ni nani? Ukiacha kulipa mlinzi hataondoka kwa ajili yako peke yako, ataendelea kukaa pale na wewe utaendelea kupita mbele yake. Hapo ndo meneja atakapokubana, maana sheria yetu ya mikataba haipendi mtu afaidi kazi ya mwenzie ambayo haikufanywa bure halafu aseme sikuiomba. Ulinzi wa geti moja haugawanyiki, huwezi kumwambia mwizi nyumba namba tatu ruksa hizi nyingine hapana. Usafi nao una sehemu ya wote, ila kufagia mbele ya mlango wako na kutoa taka zako unaweza kufanya mwenyewe na mtu akaona kwa macho kwamba hutegemei hela ya mtu.

Na babu. Wewe ukitoka kwenye ulinzi zinabaki nyumba tatu, 54,000. Haitoshi hata huo mshahara mdogo. Sikwambii hivi ili ubebe mzigo wa mshahara wa mtu, huo ni mzigo wa aliyemwajiri, nakwambia kwa sababu umesema unakosa raha na naamini hutaki kuikosa raha hiyo mara mbili.

Njia ninazoziona ni kama tatu, na kila moja ina gharama yake. Unaweza kutuma meseji kama ilivyo na kusimamisha yote, utapumua mwezi huo, ila utakuwa unadaiwa 30,000 kila mwezi kwenye daftari la meneja na Desemba mkataba ukiisha atakuwa na sababu mkononi. Na hata bila sababu, mkataba ukiisha hakuna anayelazimika kukupa mwingine, hiyo ndo hatari kubwa kwako kuliko vitisho vya leo. Unaweza kuendelea kulipa kimyakimya mpaka Desemba uhame, amani ipo ila ni 12,000 kila mwezi kwa kazi ambayo haifanyiki. Au unaweza kuandika barua inayotenganisha, ulinzi unaendelea kulipa, usafi unaupa notisi. Hii ya tatu nayo si salama moja kwa moja, meneja anaweza kukataa na kusema 30,000 ni kitu kimoja kwenye mkataba, na akisema hivyo ana mahali pa kushika.

Usije tu ukakata hiyo hela kwenye kodi. Watu wengi hufanya hivyo, wanasema wamenidai usafi hewa basi nikilipa kodi ya miezi sita napunguza. Hapo unakuwa umehama kutoka kwenye mgogoro wa elfu kumi na mbili umeingia kwenye mgogoro wa kodi, na kodi isiyotimia ndo kitu kinachompa mwenye nyumba nguvu ya kukuondoa. Kodi iende kamili, kwa tarehe yake, na ujumbe wa muamala useme kodi.

Kama utachagua barua, tarehe zake zina maana. Mkataba umenyamaza kuhusu notisi, basi shika kipimo ambacho Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakitumia kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi, kwamba notisi isiwe fupi kuliko kipindi kimoja cha malipo na iishie kwenye siku ya malipo. Haikuandikwa kwa ajili ya hela ya kufagia, ila ni kipimo ambacho mtu mwenye busara hawezi kukuona mkorofi ukikitumia. Ukiipeleka barua tarehe 25 Juni haimaanishi mwisho ni 25 Julai. Tarehe 5 Julai unalipa kama kawaida, mwezi huo unaisha tarehe 4 Agosti, na kuanzia tarehe 5 Agosti ndo usafi unakatika. Hapo katikati meneja ana nafasi ya kumrudisha mama wa usafi, na akimrudisha kweli itabidi uamue upya, kuwa tayari kwa hilo.

Iandike kwa mwenye nyumba kupitia kwa meneja, maana meneja ni wakala tu, mkataba wako ni na mwenye mali. Angalia kwanza aliyesaini ni nani na kaandika kwa niaba ya nani. Mfano wake ni huu, jaza vya kwako:

Yah: Notisi ya kusitisha mchango wa usafi, nyumba namba ....

Mimi ni mpangaji wako kwa mkataba unaoisha 31 Desemba. Mkataba unasema nachangia ulinzi na usafi Tsh 30,000 kwa mwezi, ambapo 18,000 ni ulinzi na 12,000 ni usafi. Nimelipa zote hadi Juni.

Huduma ya usafi haijafanyika tangu Pasaka. Mtaro umeziba na taka hazitolewi, picha nimeambatanisha.

Naomba huduma irejeshwe. Isiporejeshwa, nasitisha mchango wa usafi kuanzia tarehe 5 Agosti. Mchango wa ulinzi Tsh 18,000 nitaendelea kulipa kila tarehe 5 kama kawaida.

Naomba pia Tsh 24,000 nilizolipa za usafi kwa Mei na Juni zihesabiwe kwenye mchango wangu wa ulinzi, na nipatiwe mchanganuo wa michango na matumizi kuanzia Aprili.

Naomba jibu la maandishi.

Imeishia hapo, usiongeze mtungi, usiongeze babu alichokwambia. Hasa hilo la babu. Ukiandika kwamba mlinzi kaniambia analipwa 70,000 umemchoma yeye kabla hujamgusa meneja. Mchanganuo ukija utaonyesha mshahara wake wenyewe. Na hiyo 24,000 iombe, usijikatie, wakikubali ina maana mwezi mmoja wa ulinzi umelipika na kuna 6,000 juu.

Chapisha nakala mbili. Meneja asaini moja, aandike nimepokea na tarehe, hiyo unabaki nayo. Akikataa kusaini usibishane nae, ipige picha umtumie wasapu yeye na mwenye nyumba siku hiyohiyo na utunze skrinishoti, nakala nyingine peleka ofisi ya serikali ya mtaa wapige muhuri. Picha za mtaro piga leo, na urudie wiki ijayo, mahali palepale. Na mwambie mtandao wako wa simu wakupe taarifa ya miamala ya miezi hiyo, maana hela inayotumwa kwenye namba ya mtu bila risiti siku ya siku inaweza kuitwa zawadi.

Majirani zako watatu nao wanalipa usafi hewa, nashangaa hujawataja. Barua yenye saini nne inasomeka tofauti na ya mtu mmoja, na hamtaitwa wakorofi wote. Ila ongea nao ana kwa ana kwanza, mmoja mmoja, maana si ajabu kuna anayeelewana na meneja au anayedaiwa ulinzi, huyo atakimbiza maneno kabla hujamaliza kuandika. Mkiwa pamoja mnaweza hata kupendekeza kitu kingine kabisa, kwamba mtafute mtu wa usafi wenyewe na kumlipa mkononi, meneja abaki na ulinzi. Kwa kiwanja chenye nyumba nne zenye watu hilo linawezekana, tatizo lake ni kwamba mmoja akichelewesha mtadaiana wenyewe kwa wenyewe, na mvua zikianza Novemba mtaro hausubiri.

Jambo dogo la kuuliza mtaani: ile 12,000 ilikuwa inabeba na ada ya taka? Kama ndivyo, ukitoka mkusanyaji wa taka atakugongea wewe moja kwa moja, na mchango wa ulinzi shirikishi wa mtaa nao usiuchanganye na hela ya babu, hizo ni hela mbili.

Likikwama, mwenyekiti wa mtaa ni wa kwanza, wengi wanamalizana hapo kwenye benchi. Zaidi ya hapo kuna baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu, halihukumu, na lisipowapatanisha ndani ya siku 30 mwenye lalamiko anaweza kwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Kwa 12,000 kwa mwezi sijui kama utataka kufika huko na zamu zako, ila ni vizuri meneja ajue unajua.

Kabla ya yote hayo una namba ya mwenye nyumba ambayo hujawahi kuipiga. Inawezekana hana habari kwamba uwanja wake haufagiliwi. Inawezekana pia meneja ni mdogo wake na simu yako itafika kwa meneja kabla hujakata, hilo nalo lipo. Mpigie kwa salamu, jitambulishe, mwambie nyumba yake mtaro umeziba na mvua za mwisho wa mwaka zitaingia kwenye msingi, hilo litamgusa mwenye mali yoyote. Hela ije baadae.

Ninachoshindwa kukujibia ni kama unataka kubaki pale mwakani. Kama unapapenda na kazini ni karibu, mimi ningeona simu ya Dar itangulie na barua ifuate ikiwa laini. Kama moyo umeshahama, barua unaweza kuipeleka wiki hii, ilimradi iwe mkononi mwake kabla ya tarehe 5 Julai, ikipita hapo hesabu yako inasogea mpaka tarehe 4 Septemba.